Bibi harusi amegeuka kijani: uso na ukuta havipigiwi hesabu moja

Msomaji anayehariri picha za harusi amenitumia picha mbili na swali fupi: "Kaka, mbona bibi harusi amekuwa kijani?" Picha ya kwanza imepigwa ukumbini, mbele ya ukuta mweupe. Ya pili ni ya bustanini, nyuma yake miti yenye kivuli kizito. Alitaka uso wa ukumbini upate rangi ya ule wa bustanini ili picha zikae ukurasa mmoja wa albamu. Akaita `match_histograms` ya scikit-image, akaipa picha zote mbili nzima nzima, akasubiri maajabu. Akayapata.

Programu haina kosa. Imefanya kile ilichoambiwa, na ilichoambiwa ndicho kibaya. Ulinganishaji wa histogramu haujui uso ni nini. Kwa kila chaneli ya rangi, unazipanga pikseli zote kwenye foleni kuanzia iliyo nyeusi zaidi hadi iliyo ng'avu zaidi. Kisha unauliza: pikseli hii imesimama asilimia ya ngapi? Ukishajua, unaenda kwenye foleni ya picha ya mfano, hapa ile ya bustanini, unachukua thamani iliyosimama asilimia ileile, na kuibandika. Basi. Kwa hiyo rangi mpya ya shavu haiamuliwi na shavu lenyewe. Inaamuliwa na idadi ya pikseli zilizosimama mbele yake na nyuma yake, na nyingi kati ya hizo ni za ukuta.

Tupige hesabu kwa namba nilizozirahisisha. Picha ya ukumbini ina pikseli 1,000,000. Uso ni 200,000, yaani asilimia 20, na ukuta asilimia 80. Rangi ya katikati ya ngozi ni nyekundu 130, kijani 90, bluu 70. Ukuta uko juu ya 225 kwenye chaneli zote tatu. Bustanini pia uso ni asilimia 20, rangi yake ya katikati ikiwa 150, 105, 80. Majani yaliyobaki yana nyekundu kati ya 20 na 60, kijani kati ya 40 na 90, na bluu kati ya 15 na 50.

Ukumbini ngozi ni nyeusi kuliko ukuta, kwa hiyo uso wote umesimama mwanzo wa foleni, asilimia 0 hadi 20, na ngozi ya katikati iko asilimia 10. Bustanini mambo yamepinduka: majani ndiyo meusi, yanachukua asilimia 0 hadi 80, na uso umesukumwa mwisho wa foleni. Sasa tafuta asilimia 10 ya bustanini. Unaangukia kwenye majani yaliyo kivulini kabisa, takriban nyekundu 25, kijani 46, bluu 19. Ngozi ya 130, 90, 70 inageuka 25, 46, 19. Huo ni ukijani wa jani la mwembe saa ya magharibi, na ndio aliouona msomaji wetu. Rangi ya ngozi ya bustanini haikupotea, ila imeenda kwa watu wengine: robo ya ukuta iliyo ng'avu zaidi imeipokea.

Wengi wakifika hapa wanasema, "Sawa, nitatumia picha zenye mandharinyuma moja." Haitoshi. Chukua ukuta uleule na mtu yuleyule, ila picha ya mfano imepigwa kwa karibu zaidi, uso ukawa asilimia 40 badala ya 20. Ngozi yako ya katikati bado iko asilimia 10. Kwenye picha ya mfano, asilimia 10 ya picha nzima ni robo ya kwanza ya uso, upande wa vivuli chini ya taya. Uso wako wote utaminywa ndani ya nusu nyeusi ya uso wa mfano, na sehemu ya ukuta itachukua rangi ya ngozi. Hapa huoni kijani. Unaona mtu aliyeingia giza na kufifia kidogo, na ndiyo maana kosa hili ni la hatari kuliko lile la kwanza: linapita bila kushtukiwa, linachapishwa, linafika kwa mteja.

Halafu kuna ile mbinu inayosambazwa kama dawa, ya kupaka mandharinyuma rangi nyeusi kwanza, kisha kulinganisha. Jamani, pikseli nyeusi ni pikseli. Sifuri inahesabiwa kama namba nyingine yoyote. Uso wako ukiwa asilimia 20 na wa mfano 40, weusi wako unaishia asilimia 80 ilhali weusi wa mfano unaishia 60. Kwa hiyo uso wote unarushwa kwenye nusu ng'avu ya uso wa mfano, na hata weusi wenyewe unageuka rangi ya ngozi. Ukibadilisha nafasi, uso wako 40 na wa mfano 20, nusu ya uso wako inaanguka kwenye weusi. Mbinu hii inafaa tu pale uwiano wa nyuso unapolingana. Na kukata mstatili kuzunguka uso je? Uso una umbo la yai, na yai ndani ya mstatili hujaza takriban asilimia 78. Pembe zinazobaki, zaidi ya moja ya tano, ni nywele, shela na ukuta.

Dawa ni kutoa pikseli za uso nje ya picha kabla ya kuhesabu chochote, zikawa orodha ya namba tupu isiyo na mandharinyuma. Kwenye NumPy, `img[..., c][m_src]` inakupa hivyo ikiwa `m_src` ni maski, yaani ramani inayosema kweli kwa kila pikseli ya uso na si kweli kwa nyingine zote; `img` ni picha ya kurekebisha, `ref` ni ya mfano, na `m_ref` ni maski yake. Orodha mbili si lazima ziwe na urefu sawa, kwa sababu tunalinganisha asilimia.

Maski ya kuhesabia iwe kali na ya kichoyo. Ukitumia alama 68 ambazo programu ya dlib huziweka usoni, kumbuka zinaishia kwenye nyusi, paji la uso halimo. Alama 468 za MediaPipe Face Mesh zinalifikia paji. Zungushia alama za nje, kisha toa macho, nyusi na midomo. Kwa alama za dlib, nyusi ni 17 hadi 26, macho 36 hadi 47, mdomo 48 hadi 67. Kisha imege maski kwa ndani: uso wenye upana wa pikseli 400, mega kama pikseli 10 kila upande, maana ukingoni ngozi imechanganyika na nywele au ukuta. Na kama kuna shela, ushungi au miwani, toa kwa mkono. Programu ya alama hubuni paji la uso hata lilipofunikwa, na kitambaa cheupe kikiingia kwenye hesabu umerudi kulekule kwenye ukuta.

Maski ya kupakia rangi ni nyingine kabisa. Jedwali la rangi, yaani orodha inayosema kila thamani ya zamani igeuke ipi mpya, tunajifunza kutoka usoni, lakini tunalitumia kwenye ngozi yote inayoonekana: masikio, shingo, mabega, mikono. Ukipaka uso peke yake utapata kichwa cha mtu mmoja juu ya shingo ya mwingine. Hii ya pili ilainishwe kingo kwa `cv2.GaussianBlur`, sigma kati ya 6 na 10 kwa uso wa ukubwa huohuo, na iwe na thamani kati ya 0 na 1; kwenye msimbo hapa chini ndiyo `alpha`. Usiilainishe ile ya kuhesabia.

```python
import numpy as np

def jedwali(src, ref):
    qs = np.bincount(src, minlength=256).cumsum() / src.size
    cr = np.bincount(ref, minlength=256)
    v = np.flatnonzero(cr)
    qr = cr[v].cumsum() / ref.size
    t = np.interp(qs, qr, v)
    a, b = np.percentile(src, [2, 98]).astype(int)
    x = np.arange(256)
    t[:a] = x[:a] + (t[a] - a)
    t[b+1:] = x[b+1:] + (t[b] - b)
    return np.clip(t, 0, 255)

out = img.astype(np.float32)
for c in range(3):
    t = jedwali(img[..., c][m_src], ref[..., c][m_ref])
    out[..., c] = t[img[..., c]]

w = alpha[..., None]
final = (w * out + (1 - w) * img).round().astype(np.uint8)
```

Mistari mitatu inayogusa `a` na `b` msiifute. Jedwali limejifunza kwa ngozi tu, kwa hiyo halijui lolote kuhusu thamani zilizo nje ya ngozi. Bila mistari hiyo, kila kitu king'avu kuliko ngozi kinagandishwa kwenye thamani ya juu kabisa ya ngozi ya mfano: meno yanakuwa ya rangi ya shavu, weupe wa jicho unapotea. Mistari hiyo inasema kwamba nje ya asilimia 2 na 98 tuendelee na tofauti ileile ya mwisho. Meno yanasogea pamoja na uso na kubaki meno.

Kabla ya kufurahi, pima. Chukua thamani ya katikati ya kila chaneli ndani ya maski ya kuhesabia, baada ya kazi, uilinganishe na ya picha ya mfano. Kwenye mfano wetu unatarajia kukaribia 150, 105, 80, tofauti ya moja au mbili si neno. Ikipishana kwa kumi, maski ya kupakia rangi haikufunika uso sawasawa, au umechanganya maski mahali fulani. Kisha chora `t`. Mstari upande taratibu. Palipo na mruko mkali, ambapo hatua moja ya kuingia inatoa hatua tatu au zaidi, ndipo utaona mistari ya rangi kwenye shavu kama ngazi. Mara nyingi chanzo ni uso uliomulikwa sawasawa kulinganishwa na uso wa mfano wenye nusu kivuli. Foleni haijui upande wa kushoto wala wa kulia, haiwezi kuhamisha taa. Hapo punguza nguvu, zidisha `w` kwa 0.6 hivi, au jifunze kwa upande wenye mwanga peke yake.

Jambo moja silikubali hata mteja akilipa mara mbili: kumlinganisha mtu na uso wa mtu mwingine. Mbinu hii hailinganishi mwanga, inalinganisha thamani, na rangi ya ngozi ya mtu ni sehemu ya thamani hizo. Ukimpa mfano wa dada yake mwenye ngozi ya maji ya kunde, umembadilisha yeye, hukubadilisha taa ya ukumbi. Mfano uwe yeye mwenyewe, siku hiyohiyo, vipodozi vilevile.

Kwa picha za kundi ambazo uso mmoja una pikseli elfu moja au mbili tu, achaneni na histogramu. Orodha fupi namna hiyo ina mapengo, na jedwali linaruka ruka. Ndani ya maski hizohizo, badilisha picha kwenda Lab, mfumo wa rangi unaotenga mwangaza na rangi, kwa `cv2.COLOR_BGR2LAB`, kisha linganisha wastani na mtawanyiko wa kila chaneli. Ni namba sita kwa kila uso, na kwa uso mdogo zinatosha.