Kwa nini alama za mkopo hushuka ingawa hujachelewesha malipo

"Niko Marekani. Mwezi huu nimeomba kadi tatu za mkopo na mkopo wa gari, na sijawahi kuchelewesha malipo. Mbona alama zangu zimeshuka?"

Ndugu, kila unapoomba mkopo, mkopeshaji huvuta taarifa zako kutoka kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo kama Experian au Equifax, na ukaguzi huo hubaki umeandikwa kwa miaka 2, ingawa FICO, mfumo unaokokotoa alama hizo, huhesabu wa miezi 12 tu. Ukaguzi mmoja kwa kawaida hupunguza alama zisizofika 5, lakini zikifuatana kaguzi nyingi mfumo huona dalili za mtu aliyebanwa na fedha, ambaye huenda ana madeni mapya yasiyoonekana bado kwenye taarifa zake.

Kwa gari una nafuu: hata muuzaji akipeleka fomu yako benki tano ndani ya siku 14, FICO huzihesabu kaguzi hizo kuwa moja. Kadi hazina nafuu hiyo. Tatu ni tatu. Tena zikikubaliwa, wastani wa umri wa akaunti zako hupungua, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kuangalia zaidi. Kujikagua mwenyewe hakupunguzi chochote.