Mstari umelala kwenye grafu ya barafu, je hita imezimwa?

*Shikamoo mwalimu. Niko form three. Nikisoma kitabu cha fizikia nikikuta grafu au tebo naruka, naendelea na maandishi maana naona yanaeleza kitu kile kile. Kwenye mtihani wa majuzi walileta grafu ya barafu inayopashwa joto, kuna sehemu mstari umelala, wakauliza hapo nini kinatokea. Nikaandika hita imezimwa, nikapata sifuri. Grafu inasomwaje?*

Marahaba mdogo wangu. Jibu lako hilo nimeshalisahihisha kwenye karatasi za wanafunzi wengi sana, na kosa linaanzia sehemu moja tu, jicho linakimbilia mstari kabla halijasoma mihimili. Sasa chukua kitabu chako, fungua hiyo grafu, alafu funika mstari kwa karatasi ubakize pembeni na chini tu. Pembeni imeandikwa halijoto kwa digrii, inaanzia -20 inapanda mpaka juu ya 100. Chini imeandikwa muda. Kabla hujafunua jiulize, huo muda unahesabu nini? Hita ni moja na inatoa joto lile lile kila sekunde, kwahiyo ule mhimili wa chini japo umeandikwa muda kiukweli unakuonyesha joto lililokwisha kuingia kwenye chombo. Kila sentimita ukienda kulia ni joto lingine limeingia. Ukishaelewa hivyo, huwezi tena kusema hita imezimwa, kwasababu hata pale mstari unapolala bado unaenda kulia, yaani joto bado linaingia.

Sasa funua mstari. Tuweke namba ili tuone vizuri, tuseme barafu ni gramu 100, iko -20, hita ni ya wati 100, yaani inaingiza jouli 100 kila sekunde, na tuchukulie hakuna joto linalopotea nje. Kwenye ukurasa huo huo au wa jirani utakuta tebo, nayo najua uliiruka. Inasema gramu moja ya barafu inataka jouli 2.1 kupanda digrii moja, maji yanataka 4.2, kuyeyusha gramu moja inataka jouli 334 na kugeuza gramu moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke inataka 2,260. Angalia kichwa cha safu kwenye tebo yako, vitabu vingi vinaandika kwa kilo na sio gramu, kwahiyo utaona 2,100 na 4,200 na 334,000. Vitu ni vile vile ila ukichukua namba ya kilo ukaizidisha na gramu 100 utapata jibu kubwa mara elfu moja, na hapo ndo watu wengi wanapoangukia, hesabu wanaijua kabisa ila kichwa cha safu hawakukisoma.

Haya, barafu kutoka -20 mpaka 0 ni 100 × 2.1 × 20, jouli 4,200, hita inamaliza kwa sekunde 42. Haifiki hata dakika. Alafu mstari unalala. Kuyeyusha gramu zote 100 ni jouli 33,400, yaani sekunde 334, dakika tano na nusu hivi, na muda wote huo kipimajoto kinasoma 0. Joto linaingia kweli ila linatumika kuachanisha chembe za barafu zilizoshikana, halibaki la kuzifanya zitembee kasi zaidi, na kipimajoto kinasoma hiyo kasi tu. Ndo maana linaitwa joto fiche. Jibu la mtihani wako lilikuwa hapo, barafu inayeyuka, barafu na maji viko pamoja, joto linaingia ila digrii hazipandi.

Baada ya hapo maji yanapanda kutoka 0 mpaka 100, jouli 42,000, sekunde 420, dakika saba kamili. Hapa simama kidogo ulinganishe ule mstari wa barafu na huu wa maji, yote miwili inapanda lakini wa barafu umesimama zaidi, mara mbili. Rudi kwenye tebo, 2.1 na 4.2. Umeona? Namba ndogo kwenye tebo inatoa mstari uliosimama, namba kubwa inatoa mstari uliolala lala, kwasababu kitu kinachotaka joto dogo kinapanda haraka. Kitabu kinaweza kisikuandikie hiyo sentensi popote, inakaa katikati ya grafu na tebo na anayeipata ni yule anayesoma vyote viwili kwa pamoja. Kwahiyo maandishi hayaelezi kitu kile kile.

Alafu yanachemka. Gramu 100 kuisha zote kuwa mvuke ni jouli 226,000, sekunde 2,260, karibu dakika 38. Sasa chukua rula upime kwenye kitabu chako, sehemu ya kuchemka inatakiwa iwe ndefu zaidi ya mara tano ya ile ya maji kupanda, na karibu mara saba ya ile ya kuyeyuka. Kwenye vitabu vingi utakuta zimechorwa karibu sawa, kwasababu mchoraji alitaka itoshe kwenye ukurasa. Huo ni mchoro wa kuonyesha umbo tu. Utaujua kwa kuangalia mhimili wa chini, kama una neno muda tu bila namba yoyote usipime kitu hapo, kama una namba dakika kwa dakika hapo ndo una ruhusa ya kupima na kukokotoa. Mtu akikuuliza hatua gani inachukua muda mrefu zaidi na grafu haina namba, jibu linatoka kwenye tebo.

Kitu cha mwisho ni ule mchoro wa vifaa juu ya grafu, tafuta balbu ya kipimajoto imechorwa wapi. Inatakiwa iwe katikati ya barafu, isiguse hita wala kitako cha chombo. Mkifanya wenyewe maabara, mkaona mstari haulali sawasawa, unapanda taratibu wakati barafu bado ipo, mara nyingi balbu imegusa sehemu ya moto au hamkukoroga, maji ya chini yameshapata joto na barafu inaelea juu. Kona nazo zitakuwa za mviringo badala ya kali kama za kitabuni, hiyo ni kawaida. Na kama shule yenu iko juu milimani, mfano Mbeya ambako ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mstari wa kuchemka utalala kwenye 94 hivi na sio 100, sababu hewa ya huko ni nyepesi. Msifute hiyo namba mkaandika 100 ili ifanane na kitabu, andikeni mlichosoma na muandike mko wapi.

Alafu angalia kitu kimoja, mstari uliolala hauna maana moja kila mahali. Kwenye grafu ya umbali na muda ukilala maana yake gari limesimama, kwenye grafu ya mwendokasi na muda ukilala gari linatembea kwa kasi ile ile, umbo ni moja kabisa na kilichobadilika ni maneno ya pembeni. Kesho chukua hizo mbili, funika mistari kama tulivyofanya hapa, sema kwa sauti pembeni ni nini na chini ni nini, ndo ufunue.