Maji yanatuama juu, chini pakavu: jasi itasaidia?

"Shamba langu la mahindi Kahe lina magadi. Maji yanasimama juu, nikichimba chini pakavu. Jasi itasaidia?"

Itasaidia, ndugu, ila hakikisha kwanza. Tumbukiza bonge kavu la udongo kwenye maji ya mvua bila kukoroga. Likizungukwa na wingu la tope, tatizo ni sodiamu: hushika chembe za mfinyanzi kwa ulegevu, zinaachana na kuziba vitundu vya udongo.

Kalsiamu ya jasi huing'oa sodiamu na kuzishikamanisha chembe. Maabara ikikuta sodiamu ya kuondoa ni milieki 3, kipimo cha maabara, kwa gramu 100 za udongo, changanya tani 2 hivi za jasi safi kwa ekari, kina cha sentimita 15. Jasi ya Makanya, wilayani Same, iko jirani, nunua iliyosagwa. Kisha chimba mitaro, umwagilie maji mengi, maana sodiamu isipotolewa shambani itabaki palepale.