Sebule ina mwanga, mbona monstera inarefuka tu?

Swali: Monstera yangu iko sebuleni, mita mbili na nusu kutoka dirisha la kusini. Nilisoma kwamba dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mwingi, na kweli sebule ni nyeupe, mchana hatuwashi taa. Lakini majani mapya ni madogo, hayana matundu, na shina linarefuka kuelekea dirishani. Udongo nao haukauki. Aliyeniuzia anasema niongeze mbolea. Niweke kiasi gani?

Jibu: Usiweke hata punje. Mmea wako una njaa ya mwanga, na mbolea si chakula cha mmea. Chakula chake unajitengenezea wenyewe kwa mwanga. Ukiuwekea chumvi za mbolea wakati hauna nguvu ya kuzitumia, zitabaki kwenye udongo huo mbichi na kuunguza mizizi.

Kila wiki naletewa mmea wa namna hii, na kila mara naambiwa chumba kina mwanga wa kutosha. Kwa nani? Ukiingia ndani, mboni ya jicho hupanuka na jicho lote hujirekebisha, hata pembe yenye mwanga hafifu ikaonekana sawa na dirishani. Jani halina uwezo huo. Nje kwenye jua kali la mchana kipimo cha mwanga hufika luksi 100,000 hivi. Mita mbili tatu kutoka dirishani, mara nyingi hubaki mia mbili au tatu. Zinakutosha kusoma gazeti, lakini monstera haziitoshi kukua vizuri.

Sasa pima. Pakua kwenye simu programu ya kupima luksi, ilaze simu juu ya jani, kioo kikitazama dirisha, usome asubuhi, saa sita na alasiri. Namba za simu si za maabara, ila zinatosha kulinganisha sehemu moja na nyingine. Kama huna programu, weka karatasi nyeupe mahali pa mmea saa sita mchana na unyooshe kiganja sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali ni mwanga mkali. Chenye kingo laini lakini vidole vinahesabika, ndicho monstera inachopenda. Ukiona wingu tu la kijivu, au usione kitu, hapo hapafai. Kisha inama, jicho liwe usawa wa jani, utazame dirishani: unaona anga, au ukuta na mapaa tu? Jani lisiloona anga linaishi kwa mwanga uliodunda ukutani.

Kuhusu kusini, ushauri uliousoma umeandikwa kwa watu wa kaskazini ya mbali, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Kusini ya mbali ni kinyume chake, dirisha bora ni la kaskazini. Karibu na ikweta jua la saa sita hupita juu ya paa. Mwezi wa Juni huelemea kaskazini, Desemba kusini, na hata hapo miale huishia karibu na dirisha. Jua linaloingia ndani hasa ni la mashariki asubuhi na la magharibi jioni, kwa sababu liko chini. Na upenu mrefu au mti uliosimama mbele ya dirisha hufuta hesabu yote hiyo.

Kwa hiyo sogeza chungu hadi nusu mita au mita moja kutoka dirishani, mahali simu inaposoma luksi elfu moja au zaidi kwa sehemu kubwa ya mchana. Kama jua lenyewe hugusa hapo, weka pazia jepesi au usogeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Mabaka makavu, meupe au ya kahawia, upande unaotazama dirisha, ni jua limeunguza. Mwagilia tu kidole kikizama sentimita tano na kukuta ukavu. Usiyahukumu majani yaliyopo, hayatatoboka wala kupanuka tena. Angalia mawili matatu yajayo.

Na wanaouza "mimea isiyohitaji mwanga" wananiudhi kuliko wa mbolea. Mmea huo haupo. Sansevieria na zamioculcas wana akiba nene kwenye majani na mashina ya chini ya udongo, basi ukiwaweka korido yenye giza wanakula akiba hiyo kwa miezi. Mnunuzi anaona mmea "unavumilia", anaendelea kumwagilia, halafu siku moja jani linang'oka mkononi, shina limeoza. Kama pembe yenyewe ni ya giza na lazima uweke mmea, funga taa nyeupe ya LED sentimita 30 juu ya majani, iwake kwa muda wa saa 12 kila siku.