Mjamzito na kijana kwenye shamba la maua: usipime kwa kilo peke yake

Kama ndiyo kwanza umepewa kazi ya usalama kwenye shamba la maua, iwe Usa River au kwingineko Arusha, kuna maneno utayasikia mapema: "Huyu ni mjamzito, mtafutie kazi nyepesi." Anayesema ana nia njema, lakini kichwani mwake nyepesi ni kilo. Basi dada anatolewa kwenye kukata waridi na kupelekwa kufua ovaroli za wapiga dawa, au kuandika vitabu stoo ya dawa, au kunyofoa majani pakihausi. Kote huko hakuna mzigo wa maana. Kote huko kuna dawa.

Angalia kufua. Ovaroli inarudi ikiwa imelowa mikononi na magotini. Anayefua anailoweka, anaisugua, anaikamua, na maji yanamrukia tumboni. Amevaa glavu fupi, kwa hiyo akizamisha mikono maji yanaingia kwa juu na kubaki ndani, na ngozi inakaa ndani ya dawa mpaka atakapozivua. Shambani dawa nyingi huingia mwilini kupitia ngozi kuliko pua, ndiyo maana barakoa haimsaidii kitu hapa. Kufua ovaroli ni kushika dawa, sawa na kuchanganya dawa. Iandike hivyo kwenye tathmini yako, na mjamzito, anayenyonyesha na kijana wa chini ya miaka 18 wasipangiwe kabisa.

Ukishaingia stoo, usidanganywe na rangi ya lebo. Ule mstari mwekundu, wa njano, wa bluu au wa kijani unaonyesha dawa inadhuru kiasi gani ukiimeza au ikikugusa leo. Hausemi lolote kuhusu mimba. Mankozebu na kabendazimu, dawa za ukungu, ziko kwenye kundi ambalo Shirika la Afya Duniani linaliona halina hatari kubwa ya sumu ya papo hapo, kwa hiyo mstari wake huwa wa kijani. Hata hivyo Ulaya imeziweka zote mbili kwenye orodha ya dawa zinazodhuru uzazi. Msimamizi anayepanga watu kwa kuangalia rangi atampeleka mjamzito moja kwa moja kwenye dawa asiyopaswa kuikaribia.

Unachotakiwa kusoma ni karatasi ya taarifa za usalama inayokuja na kila dawa, ile yenye vipengele 16. Fungua kipengele cha 2 utafute alama tatu: H360, yaani inaweza kudhuru uwezo wa kuzaa au mtoto aliye tumboni, H361, inashukiwa kufanya hivyo, na H362, inaweza kumdhuru mtoto anayenyonya. Pitia stoo nzima hivyo, dawa moja moja, kisha bandika orodha mlangoni. Msambazaji asipotoa karatasi hiyo, dawa yake isipokelewe mpaka ailete. Hapa usilegeze.

Sasa suala la muda, ambalo naliona kubwa kuliko yote. Viungo vya mtoto huanza kuumbika wiki za mwanzo kabisa, wakati mama mwenyewe pengine hajajua, na akijua bado hajamwambia mtu. Ukingoja kadi ya kliniki ndipo ufanye tathmini, umechelewa. Watafiti wa Denimaki walichapisha mwaka 2008 matokeo kuhusu watoto wa kiume wa akina mama waliofanya kazi kwenye grinihausi wakiwa wajawazito. Waliokuwa wamekutana na dawa kazini walizaa watoto ambao maumbile yao ya uzazi yalikuwa na kasoro zaidi, japokuwa mashamba hayo tayari yalikuwa na utaratibu wa kuwalinda wajawazito. Kwa hiyo kazi ipimwe kabla, kwa kila mwanamke anayeweza kushika mimba, na dawa yenye H360 ikipata mbadala, iondolewe shambani. Hilo linawalinda wote, hata yule ambaye bado hajasema.

Tuchukue mfano wa mvunaji mwenye mimba ya wiki 14. Kaa naye siku nzima, uandike anachofanya kweli, maana karatasi ya ajira haitakwambia. Banda lake lilipigwa mankozebu jana saa 11 jioni, na tuseme lebo inataka watu wasiingie kwa saa 24. Leo saa 1 asubuhi yumo ndani anakata maua. Zimepita saa 14 tu, zimebaki 10, na majani yana umande unaomlowesha mikono mpaka viwiko. Hilo halikubaliki kwa mfanyakazi yeyote, achilia mbali yeye. Kisha anabeba ndoo ya maua. Maji lita 12 ni kilo 12 kabla hujahesabu maua, na anainama kuinyanyua kutoka chini tena na tena. Mwongozo uliotokana na kazi ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, unashauri kwamba kunyanyua kwa kurudiarudia zaidi ya saa moja kwa siku kusizidi takribani kilo 8 kabla ya wiki ya 20, na kilo 6 baada ya hapo, tena bila kuinamia sakafuni. Ndoo yake imepita mbali.

Je, ahamie pakihausi? Ipime nayo kwanza. Kama shina linachovywa kwenye dawa ya ukungu kabla ya kufungwa, hiyo siyo nafuu. Meza ya kupanga maua kwa urefu, ikiwa kabla ya sehemu ya kuchovya, yenye glavu ndefu zinazomtosha, kiti na nafasi ya kukaa kila anapochoka, hiyo inafaa. Wiki ya 20 mkae tena, kwa sababu mwili wake utakuwa umebadilika.

Halafu uliza habari ya bonasi. Mvunaji hulipwa nyongeza kwa idadi ya mashina, na meza ya kupanga haina nyongeza. Akijua atapoteza hela, ataficha mimba mpaka ionekane, na mpango wako wote utakuwa wa karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inakataza kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi hatarishi. Pia inasema kazi mbadala, pale inapowezekana, isiwe na masharti duni kuliko ya awali. Mkubaliane na utawala kwamba atalipwa wastani wa bonasi yake ya miezi iliyopita, na liandikwe. Kazi za usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, haziruhusiwi kwake miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na mapema zaidi akileta cheti cha daktari.

Kijana ana shida yake. Sheria hiyohiyo hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuwekwa kwenye kazi hatarishi. Glavu na ovaroli za watu wazima humpwaya, majani yenye dawa yanaingia mikononi, na hata barakoa haikai vizuri usoni. Zaidi ya hapo, hakatai. Akiambiwa "shika bomba hapo dakika mbili" atashika. Kwa hiyo usimpe yeye jukumu la kukataa: muulize umri kwa cheti cha kuzaliwa, kisha waambie wapiga dawa na msimamizi, mbele yake, kwamba hachanganyi, hapulizi, hasafishi bomba wala haingii stoo.

Mama akirudi kutoka likizo ya uzazi, usimrudishe tu bandani. Pitia upya orodha ya mlangoni, safari hii ukitafuta H362, na upange zile saa mbili za kunyonyesha ambazo sheria inampa kwa siku. Kabla ya kwenda kumshika mtoto awe na mahali pa kuoga na kubadilisha nguo, na nguo za kazi zibaki shambani.