Kasi ya maneno yako na watazamaji wanaobaki: nilivyojipotosha kwa hesabu yangu mwenyewe

Ukianza kutengeneza video za mafundisho, hutakaa sana kabla hujaambiwa uongee haraka ili watu wasiondoke. Nami niliambiwa hivyo, na kwa kuwa napenda hesabu nikaamua kupima kwenye video zangu mwenyewe. Nilikuwa nazo 24, zote za kufundisha matumizi ya kompyuta. Kwa kila moja nilihesabu maneno niliyotamka, nikagawanya kwa dakika za video, kisha pembeni nikaandika wastani wa asilimia iliyotazamwa kama unavyoonekana kwenye YouTube Studio. Safu mbili tu, na fomula moja chini yake:

```
=CORREL(B2:B25,C2:C25)
```

Jibu likaja 0.52. Fomula hii hutoa namba kati ya -1 na 1, na 0 maana yake hakuna uhusiano wa kwenda sambamba. Kwa hiyo 0.52 ilinitosha kushangilia: kadiri nilivyoongea haraka, ndivyo watu walivyobaki. Video nne zilizofuata nikazisema kama mtu anayekimbiza basi. Asilimia haikusogea.

Ilinichukua muda kuona kosa, nalo lilikuwa mbele ya macho yangu. Video nilizoongea haraka zilikuwa fupi, za dakika 3 hadi 5, kwa sababu nilizisoma kutoka kwenye maandishi. Nilizoongea polepole zilikuwa za dakika 10 na zaidi, ambamo nilikuwa nikionyesha hatua kwenye skrini huku nikisubiri dirisha lifunguke. Na video fupi kwa kawaida hutazamwa kwa asilimia kubwa kuliko ndefu, hata msemaji awe mmoja na kasi iwe ileile. Nilipozitenga fupi peke yake na ndefu peke yake, ule uhusiano ukayeyuka karibu wote. Nilichokuwa nimepima ni urefu wa video, ila umevaa nguo za kasi.

Kwa hiyo usilinganishe video nzima na video nzima. Linganisha vipande ndani ya video moja. Hapo mada ni ileile, urefu ni uleule, na kinachobadilika ni namna unavyosema.

Mimi huchukua vipande vya sekunde 30. Sekunde 30 za mwanzo naziacha, kwa sababu wengi wanaoondoka hapo wanaondoka kwa sababu ya kichwa cha video au picha ya jalada iliyowaahidi kitu kingine. Sehemu ya kuagana naiacha pia. Ukishasema "basi, tukutane" watu wanaondoka hata ukiimba. Kwa kila kipande kinachobaki ninaandika idadi ya maneno yaliyomo, kisha kutoka kwenye grafu ya watazamaji ya YouTube Studio, asilimia ya waliokuwa wakitazama kinapoanza na asilimia kinapoisha. Kisha sitazami tofauti yenyewe, natazama imekula sehemu gani ya waliokuwapo. Kutoka 60 hadi 54 ni pointi 6, na kutoka 30 hadi 27 ni pointi 3, lakini kote mtu mmoja kati ya kumi ameondoka. Usipofanya hivi, mwanzo wa kila video utaonekana mbaya na mwisho mzuri.

Video iliyonifungua macho ilikuwa ya dakika 8 na sekunde 40. Kuanzia 0:30 hadi 8:00 nilipata vipande 15. Vingi vilipoteza asilimia 2 hadi 3 ya waliokuwapo. Viwili vilijitokeza.

Cha kwanza kilianza 2:30, watazamaji wakashuka kutoka 58 hadi 52, yaani zaidi ya mmoja kati ya kumi. Kasi yangu pale ilikuwa maneno 61 kwa nusu dakika, sawa na 122 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi yangu ya siku zote. Nilipokisikiliza nikakuta narudia nilichokwisha kusema kwa maneno mengine. Kasi haikuwa na hatia.

Cha pili kilianza 5:00. Hapo nilitamka maneno 84, yaani 168 kwa dakika, na mstari wa grafu ukapanda, kutoka 44 hadi 46. Ningekuwa bado na akili ya ile fomula, ningesema: umeona, haraka inalipa. Lakini mstari huo hupanda pia watu wanaporudisha nyuma, maana sehemu iliyotazamwa mara mbili huhesabiwa mara mbili. Kipande kilichofuata kilishuka kutoka 46 hadi 41, na kwenye maoni watazamaji walikuwa wakiuliza, "Umebonyeza wapi hapo?" Walirudi kwa sababu hawakufuata, na baadhi yao wakakata tamaa. Tangu siku hiyo, nikiona kilima kwenye grafu, kwanza natazama kama nilikuwa nikionyesha kitu kwa mikono huku nikiongea mbio, kisha nasubiri kuona kama kuna mteremko mkali mara baada yake. Kilima bila mteremko ni jambo lingine. Huenda pana kitu watu wamekipenda.

Kwenye video iliyofuata ya aina hiyo, hatua za kubonyeza nilizisema kwa maneno kama 100 kwa dakika na maelezo ya kawaida nikayaacha kwa 125 hivi. Kilima hakikutokea, wala ule mteremko. Ni video moja, siwezi kuiita ushahidi, lakini nimeendelea nayo.

Kuhusu kuhesabu kwenyewe, kuna mtego wa lugha yetu. Namba ya maneno 150 kwa dakika unayoikuta kila mahali imetoka kwenye Kiingereza. Neno "hawatakuelewa" ni moja kwetu, ila Mwingereza angehitaji maneno matano. Ukiilenga 150 kwa Kiswahili utakuwa unakimbia. Hata kati ya vipande vyako, chenye vitenzi virefu kitaonekana cha polepole kuliko kilivyo. Ndiyo maana siku hizi nahesabu silabi, na Kiswahili kimeturahisishia kazi: karibu kila silabi ina irabu moja, basi ukihesabu irabu umemaliza.

```python
sum(c in "aeiou" for c in maandishi.lower())
```

Silabi kama ile "m" ya "mtu" itakuponyoka, lakini inaponyoka kwa kiasi kinachokaribiana katika kila kipande, kwa hiyo ulinganisho hauharibiki sana. Kinachouharibu ni maandishi mabovu. Manukuu yanayojitengeneza yenyewe yanaweza kuunganisha au kuruka maneno, hivyo yasahihishe kwanza ukiwa unasikiliza.

Amua pia mapema kama unagawanya kwa muda wote au kwa muda wa sauti peke yake. Wakati wa kuhariri nilikuwa nakata mapumziko, na video moja ikapanda kutoka maneno 112 hadi 131 kwa dakika bila mdomo wangu kubadilika hata kidogo. Zote mbili ni kasi, ila usizichanganye kwenye safu moja.

Na usianze kazi hii video ikiwa bado changa. Ukiwa na watazamaji 40, kila mmoja wao ni asilimia 2.5 ya grafu, na kipande "kibaya" kinaweza kuwa ni mtu mmoja tu aliyepigiwa simu. Mimi nasubiri wafike mia kadhaa ndipo nafungua jedwali.