Eksirei ya mkono: kabla hujaandika osteoathraitisi, funika kucha

*"Wakuu, nina mama wa miaka 51 hapa Tandahimba, vidole vinamsumbua tangu msimu uliopita wa korosho. Eksirei ya mkono wa kulia inaonyesha miiba ya mfupa kwenye viungo vya karibu na kucha, nafasi imebana. Nimeona ni osteoathraitisi, nimpe diklofenaki aende? Na ripoti ya namna hii inaandikwaje vizuri? Halafu vile vidonge vya gegedu vinavyouzwa madukani vina faida yoyote?"*

Usimruhusu. Kama ameshaondoka mpigie simu kabla hajapanda gari, maana maneno uliyoandika hapo ni yangu kabisa, tofauti ni kwamba mimi niliyaandika kwenye faili la mgonjwa na nikagonga muhuri.

Wangu alikuwa na miaka 49, mbanguaji wa korosho tangu akiwa msichana, vidole vimeingia weusi wa yale mafuta ya ganda. Nilikuwa kituo kimoja huku juu Newala. Akasema mikono inauma, wa kulia zaidi. Mimi kwa kubana matumizi ya filamu nikaagiza mkono wa kulia tu, picha moja ya kiganja kimelala. Picha ikaja, jicho likakimbilia ncha za vidole, kidole cha shahada na cha kati: osteofaiti hizo, zimechomoza pembeni mwa kiungo kama miiba, nafasi imebana upande mmoja, mfupa chini yake umekuwa mweupe kwa kukomaa. Osteoathraitisi ya kitabuni. Nikafurahi kabisa, nikaandika, nikampa diklofenaki, nikamwambia "mama, hii ni mikono ya korosho, punguza kubangua." Kumwambia mbanguaji apunguze kubangua, mtu ambaye ada ya watoto inatoka humo. Busara nilikuwa nayo nyingi siku hiyo.

Alirudi baada ya miezi 14. Katikati hapo alikuwa ananunua diklofenaki mwenyewe dukani, tumbo linamuwaka. Vidole vimeanza kulalia upande wa kidole kidogo, na kanga alikuwa anafungwa na binti yake. Safari hii nikapiga mikono yote miwili, na hata mlinzi wa getini angeona: konzi, vile viungo vya shina la vidole, zimeliwa, kifundo cha mkono kimesongamana.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mama alitunza ile picha ya kwanza chini ya godoro, akaja nayo. Nikaisimamisha dirishani. Safari hii nikaangalia konzi, na kila kitu kilikuwepo tangu mwanzo. Kwenye kichwa cha mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha shahada, upande wa kidole gumba, ule mstari mweupe mwembamba unaozunguka mfupa ulikuwa umekatika. Pengo dogo, nusu ya punje ya mchele, kama panya kaonja pembe ya sabuni. Nafasi ya konzi ya pili na ya tatu ilikuwa imepungua sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Mifupa ya karibu na konzi imefifia kuliko katikati ya mifupa yenyewe, na kile kichomozo cha ulna pale kifundoni kimeanza kuwa na kingo za kuparuza. Rumatoidi athraitisi ilikuwa inaniangalia usoni, mimi natazama kucha. Nilikuwa nasoma eksirei kama mtu anayesoma gazeti kwa kuanzia ukurasa wa michezo, halafu analikunja akidhani amelimaliza.

Nani alinifundisha hivyo? Kuna mkubwa mmoja, nilikuwa chini yake wakati wa mafunzo ya vitendo, simtaji. Kanuni yake ilikuwa moja: "Ukiona mwiba wa mfupa, funga faili." Sisi tunacheka, tunaandika kwenye daftari. Hakutuambia kwamba mwanamke wa miaka 50 anaweza kabisa kuwa na magonjwa yote mawili kwenye mkono mmoja, kwa sababu osteofaiti kwenye viungo vya kucha ni kitu cha kawaida kwa umri huo, na hazimkingi mtu na rumatoidi. Mwiba unakuambia kwamba osteoathraitisi ipo pale ulipo mwiba. Kuhusu konzi haukuambii kitu. Mkubwa yule alikuwa na sauti nzito na kalamu tatu mfukoni, basi tukaamini.

Sasa nisikilize kwa nini mahali ni muhimu kuliko mwiba. Ndani ya kiungo, gegedu linafunika kichwa cha mfupa lakini halifiki hadi pale kifuko cha kiungo kinapojishika. Kunabaki ukanda mwembamba wa mfupa ulio uchi. Kwenye rumatoidi ule utando wa ndani ya kiungo unavimba na kunenepa, na mahali pa kwanza unapogusa mfupa bila kizuizi ni pale penye uchi. Ndiyo maana mmomonyoko wake unaanza pembeni, begani mwa kichwa cha mfupa, na unapenda konzi ya pili na ya tatu upande wa kidole gumba, viungo vya kati vya vidole, na kifundo. Viungo vya kucha kwa kawaida unaviacha. Utando huohuo unatambaa juu ya gegedu lote, kwa hiyo nafasi inapungua kwa usawa. Osteoathraitisi inaanzia kwenye gegedu lenyewe, linaisha zaidi pale penye mzigo, nafasi inabana upande mmoja kuliko mwingine, na mfupa unajibu kwa kujenga: unakuwa mweupe, unaota osteofaiti. Makao yake ni viungo vya kucha, vya kati, na shina la kidole gumba.

Kwa hiyo kanuni yangu, na hii imenigharimu mikono ya mtu: chukua kipande cha karatasi, FUNIKA VIUNGO VYA KUCHA. Anzia kifundoni, fuata konzi moja moja, ukifuatisha ule mstari mweupe kama unavyofuatisha mshono wa nguo kutafuta uzi uliokatika. Ukimaliza konzi zote na viungo vya kati, ndipo ufunue karatasi. Mwiba hautakimbia.

Kuna mtego kwenye kutafuta pengo, nisikufiche. Osteoathraitisi nayo ina vifuko vidogo ndani ya mfupa chini ya gegedu, na ukiwa na hamu ya kupata mmomonyoko utaviita mmomonyoko. Kifuko kwa kawaida kimezungushiwa mstari mweupe, na ukingo wa nje wa mfupa haujakatika. Mmomonyoko umevunja ukingo. Ukiona kwenye picha moja tu na huna hakika, geuza mkono upige tena. Kuna mkao wa Nørgaard, wa tangu miaka ya 1960: mikono yote miwili pamoja, viganja vimeinuliwa nusu, migongo ya mikono imeegemea kaseti kwa nyuzi kama 45, vidole vimelegea. Mimi namwambia mgonjwa "kinga mvua, mama," na Newala nzima wanajua kukinga mvua, hakuna anayekosea. Mkao huo unafichua yale mabega ya konzi ambayo picha ya kiganja kimelala inayaficha. Ukimpiga mkono mmoja, kama nilivyofanya mimi na kama ulivyofanya wewe (ndiyo, nimeona umeandika "mkono wa kulia"), unajinyima pia kulinganisha kulia na kushoto, na rumatoidi inapenda kushika pande zote mbili.

Na usije ukarukia upande wa pili kwa kunisikia napiga kelele. Mwenzangu mmoja baada ya mkasa wangu akawa anaona rumatoidi kila mahali. Akaleta picha ya bibi mmoja, viungo vya kucha vimeliwa katikati, ukingo mmoja umejikunja kama mabawa ya shakwe anayepaa, pembeni osteofaiti. Alitaka kumwanzishia methotreksati. Ile ni osteoathraitisi ya kumomonyoa, inakula katikati ya kiungo na inakula vidoleni. Konzi zake zilikuwa safi kama sahani ya Idi. Tukamwachia bibi dawa za maumivu na maji ya moto. Ila kabla ya hapo tulikagua kucha na ngozi, maana psoriasisi nayo hupenda viungo vya kucha.

Jambo lingine ambalo lingeniokoa bila hata filamu. Sikumuuliza asubuhi yake ikoje. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba anaamka alfajiri, mpaka saa tatu vidole havijakunjuka, hawezi kushika kisu cha kubangulia. Ugumu wa osteoathraitisi kwa kawaida hauzidi nusu saa; wa rumatoidi unavuka saa nzima. Na ukimbana konzi zote kwa pamoja, kama unampa mkono wa salamu kwa nguvu kidogo, mwenye rumatoidi atakunja uso, na uvimbe wake ni laini kama unga uliokandwa. Uvimbe wa kiungo cha kucha wa osteoathraitisi ni mgumu kama kokwa.

Hii nakuambia kwa sababu eksirei inaweza kukuta konzi ni safi kabisa na bado ni rumatoidi. Miezi ya mwanzo mfupa huwa bado haujaliwa. Kwa hiyo kama konzi zimevimba laini, asubuhi ni ndefu, na picha ni safi, usiandike "hakuna rumatoidi." Piga na miguu, maana kichwa cha mfupa wa kidole kidogo cha mguu mara nyingine huanza kuliwa kabla ya mikono. Kipimo cha damu cha rumatoidi fakta kikija hasi nacho kisikupe usingizi, wagonjwa wengi tu wanacho hasi. Mpe rufaa akaonwe na daktari wa magonjwa ya ndani aanze dawa ya kuzuia ugonjwa, na methotreksati ikiandikwa mkazie mgonjwa kuwa ni MARA MOJA KWA WIKI, kwa sababu watu wetu wamezoea vidonge vya kutwa mara tatu na dawa hiyo ikinywewa kila siku inaua.

Mama yangu yuko hai, anatumia dawa, uvimbe umeshuka. Kisu anashika kwa mkono wa kushoto. Mfupa ulioliwa haujarudi. Binti anaendelea kumfunga kanga, na kila nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri tu, jambo ambalo ni baya kuliko angenitukana.

Sasa wewe. Mrudishe, piga mikono yote miwili, mkao wa kulala na wa kukinga mvua. Tupia picha hapa, ukate jina na namba ya faili, na uhakikishe konzi na kifundo vimeingia. Ncha za vidole ukizikata sitalalamika.